Maneno matatu ya bima na maana yake

Mwenye gari mjini Keroka, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, hupewa hati ya bima iliyoandikwa kwa Kiingereza. Maneno matatu humo ndiyo huamua atafidiwa kiasi gani, au iwapo atafidiwa kamwe.

La kwanza, primiamu, ni ada ya bima: fedha anazolipa mteja ili akingwe. Tuseme gari lina thamani ya Sh800,000 na ada ni asilimia 4. Atalipa Sh32,000 kwa mwaka, mbali na tozo za serikali.

La pili, ekses, baadhi hulitafsiri 'ziada' wakadhani ni fedha za kuongezewa. La hasha! Ni sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujigharamia. Ikiwa ni Sh20,000, na ukarabati baada ya ajali ni Sh100,000, kampuni italipa Sh80,000.

La tatu, eksklusheni, ni vighairi, yaani mambo yasiyokingwa. Gari lililokatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi likipata ajali huku limebeba abiria wa nauli, kampuni yaweza kukataa kulikarabati, hata kama ada ililipwa yote. Ukurasa huo wa vighairi ndio wa kusomwa kwanza, kabla ya kutia sahihi.