Hatia ya Shirika, Deni la Taifa: Funzo la Mashamba ya Ngano ya Hanang

Hadi mwaka 1985 Babati na Basotu zilikuwa chini ya wilaya moja ya Hanang. Kwa hiyo msomaji wa Babati hahitaji kwenda mbali kulitafuta swali la hatia ya pamoja. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililima ngano katika nyanda za Basotu kwa fedha, mashine na wataalamu kutoka Kanada. Mashamba yalifika saba, yakachukua takriban hekta 40,000, nyingi zikiwa malisho bora ya Wabarabaig. Njia za mifugo zilizibwa, familia ziliondolewa, na bung'eda, yale matuta ya udongo yanayojengwa juu ya makaburi ya wazee wenye heshima, yakapitiwa na majembe ya trekta.

Nani aliyetenda hayo? Dereva alitumwa. Meneja wa shamba alipewa eneo la kulima na msimu wa kupandia. Mtaalamu wa Kanada alishauri juu ya mbegu na udongo. Ofisa wa makao makuu aliidhinisha ramani. Kila mmoja anaweza kusema kwa ukweli kwamba si yeye aliyepanga dhuluma. Wapo wanaohitimisha kwamba, kama hakuna mtu aliyekusudia, basi hakuna mwenye hatia. Nalikataa hitimisho hilo. Mwaka 1979 mwanafalsafa Peter French alieleza kwamba shirika lina utaratibu wake wa kuamua: vikao, ngazi za madaraka na sera. Utaratibu huo huzaa kusudio ambalo si la mjumbe yeyote peke yake. Kipimo cha kusudio hilo ni hiki: malalamiko yalipofika, mpango ulibadilika?

Katika kijiji cha Mulbadaw malalamiko yalifika hadi mahakamani. Halmashauri ya kijiji na wanakijiji waliishtaki NAFCO, na Mahakama Kuu ikawapa fidia. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria, na wanakijiji hawakuthibitisha kwamba walikuwa wenyeji wenye haki ya kimila. Kisha mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila katika eneo la mashamba hayo. Tangu kesi ilipofunguliwa, hakuna aliyeweza kudai kwamba shirika halikujua. Lilijua, likaendelea kulima. Hatia hiyo ni ya NAFCO yenyewe, na haimfanyi mpishi wa kambi ya shamba la Setchet kuwa mwizi wa ardhi.

Jambo linaloniudhi zaidi liko hapa. NAFCO ilisimama mahakamani kama mtu mmoja, ikitetewa kwa sauti moja. Wabarabaig, waliokuwa wakilisha nyanda zile kwa pamoja kwa kuhamahama kati ya malisho, walitakiwa kuthibitisha haki zao kwa mizani iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu na kiwanja chake. Lakini watu hao hao, vijana wao walipoua majirani wakati wa Waingereza, walitozwa mifugo kwa sheria ya adhabu ya pamoja, aliyeua na asiyejua lolote wakilipa sawa. Walikuwa jamii moja walipotakiwa kuadhibiwa, wakawa watu mmoja mmoja walipotakiwa kulipwa.

Desturi yao wenyewe ilikuwa na busara kuliko sheria hiyo. Mtu akiua, ukoo wake huchanga ng'ombe wa fidia, lakini anayechanga haitwi muuaji. Anabeba deni kwa sababu ni wa ukoo uliomlea na kumlinda mhusika. Karl Jaspers, akiwaandikia Wajerumani mwaka 1946, alitenganisha vivyo hivyo hatia ya jinai, ambayo ni ya mtu mmoja mmoja, na hatia ya kisiasa, inayowafikia raia wote kwa sababu dola ni lao. Nadhani hata neno hatia ni zito mno kwa hiyo ya pili; deni latosha.

Kwa kipimo hicho, mwalimu wa Toronto aliyelipa kodi katika miaka ya 1970 hana hatia ya bung'eda zilizolimwa. Taifa lake lina deni, kwa kuwa liligharimia mradi na lilikuwa na uwezo wa kuweka masharti. Tanzania ina deni kubwa zaidi, kwa kuwa dola lilikuwa mmiliki wa shirika na mtunga amri kwa wakati mmoja. Kubinafsishwa kwa mashamba baadaye hakukulifuta deni hilo. Mali ya shirika inaweza kuuzwa, lakini wajibu wa dola lililoliunda haumo katika hati ya mauzo, na sisi raia wa leo, tuliokula mkate wa ngano ile na ambao wengi wetu hatukuwa tumezaliwa ardhi ilipotwaliwa, ndio tunaodaiwa.