Vijana 44 wa London na dawa ya kusimamisha balehe

Mwaka 2027 serikali ya Uingereza inatarajiwa kupitia upya marufuku iliyoiweka mwaka 2024: vijana transjenda walio chini ya miaka 18 wasianzishiwe dawa za kusimamisha balehe. Kwa mtoto wa miaka sita aliyevunja ungo kabla ya wakati, dawa hizohizo zinaruhusiwa na zimetumika tangu miaka ya 1980. Ukitaka kujua ugomvi ulifikaje hapa, anza na vijana 44 waliotibiwa London.

Kwanza dawa yenyewe. Balehe huanzia kwenye ubongo, pale sehemu iitwayo haipothalamasi inapoanza kutoa homoni ya GnRH kwa vipindi, ikitoka na kukoma. Tezi ya pituitari huitikia kila kipindi kwa kuziamrisha ovari au korodani zitoe homoni za utu uzima. Mwaka 1978, huko Pittsburgh, Marekani, Ernst Knobil na wenzake waliwatilia tumbili homoni hiyo kwa mfululizo usiokatika, na tezi ikazima. Walipoirudisha kwa vipindi, mara moja kwa saa, ikaamka. Dawa kama triptorelini ni mfano wa homoni hiyo uliotengenezwa ukae mwilini bila kukatika. Tezi huwa kama mlinzi aliyegongewa lango usiku kucha: mwishowe haamki tena.

Wiki ya kwanza au ya pili homoni hupanda kidogo, kisha hushuka. Matiti hayaendelei kukua, sauti haivunjiki. Sauti iliyokwisha kuvunjika, lakini, hairudi ilivyokuwa. Sindano zikiachwa, balehe huendelea baada ya miezi kadhaa.

Waholanzi ndio waliotangulia kuwapa dawa hii vijana transjenda. Mwanasaikolojia Peggy Cohen-Kettenis na daktari wa homoni za watoto Henriette Delemarre-van de Waal walijenga utaratibu uliokuja kujulikana duniani: dawa kuanzia miaka 12, homoni za jinsia nyingine kuanzia 16, upasuaji kuanzia 18. Hoja yao ilikuwa kwamba dawa inampa kijana muda wa kutafakari. Taarifa ya Waholanzi ya mwaka 2011 kuhusu vijana 70 ilionyesha huzuni na matatizo ya tabia yakipungua.

Kliniki ya Tavistock ya London nayo ikaanza utafiti wake mwaka 2011. Vijana 44 wa miaka 12 hadi 15 walichomwa triptorelini miligramu 3.75 kila baada ya siku 28. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kabla matokeo hayajachapishwa kliniki ilikwisha kufungua mlango kwa wengine. Desemba 2020 Mahakama Kuu, ikisikiliza shauri la msichana aliyetibiwa hapo kisha akajuta, ilishangaa kukosa takwimu. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa mwaka uliofuata.

Matokeo yalipotoka, hali ya akili ya vijana haikuwa imebadilika, wala kwa wema wala kwa ubaya. Wapinzani walisema dawa haikusaidia. Watetezi walijibu kwamba dhiki huzidi balehe inapoendelea, hivyo kubaki palepale ni faida. Bila kundi la kulinganisha, hakuna anayeweza kumshinda mwenzake.

Mifupa ilisema waziwazi zaidi. Uzito wake haukushuka sana, ila wenzao wa rika moja walikuwa wakiongeza madini ya mifupa kwa kasi ya balehe huku wao wakibaki nyuma. Kisha kuna hesabu inayogombewa kuliko zote: 43 kati ya 44 waliendelea na homoni za jinsia nyingine. Ama waliteuliwa vizuri, ama dawa iliyoitwa ya kutafakari iliwafungia njia. Nionavyo, kuendelea kuiita mapumziko ilhali takribani wote wanapita ni kuwanyima wazazi habari.

Daktari wa watoto Hilary Cass, aliyepewa kazi ya kuchunguza huduma hiyo, alihitimisha Aprili 2024 kwamba ushahidi ni dhaifu. Wataalamu kadhaa wa Marekani walimpinga, wakisema dawa nyingi za watoto hazina ushahidi bora zaidi. Lakini aibu kubwa, kwangu, iko kwenye mafaili. Cass alitaka kufuatilia yaliyowapata watu wapatao 9,000 waliopitia Tavistock, na karibu kliniki zote za watu wazima, zinazowapokea wakishakua, zilikataa kushirikiana. Majibu yalikuwa kabatini mwao.

Finland na Sweden zimebana dawa hizi. Uholanzi inaendelea kuzitoa. Jaribio jipya la Uingereza, liitwalo PATHWAYS, limezua ugomvi wake. Wapo wasemao kuwachoma watoto sindano kwa ajili ya utafiti ni dhambi, na wapo wasemao kijana asiye na njia nyingine ya kuipata dawa hajakubali kwa hiari.