Rektifaya ya usahihi: usahihi wa nini?

Mwanafunzi akikutana na jina "rektifaya sahihi" ana haki ya kuuliza: kwani zile nyingine zina makosa? Kosa liko kwenye tafsiri. "Rektifaya sahihi" kwa Kiswahili ni ile iliyo ya kweli, au ile inayofaa kazi husika. Kinachotakiwa ni "rektifaya ya usahihi", kama tunavyosema mizani ya usahihi: chombo kisichopoteza kidogo unachokipima.

Neno rektifaya lenyewe nimeliacha lilivyo. Wapo wanaopendelea "kinyoosha mkondo", kwa kuwa umeme wa betri tunauita mkondo mnyoofu. Hoja ni nzuri, ila darasani jina hilo linapotosha. Rektifaya hainyooshi wimbi. Inaruhusu nusu ya juu ipite na kuizuia nusu ya chini, kwa hiyo kinachotoka bado ni vilima vitupu. Anayevisawazisha ni kapasita, baadaye.

Tuje kwenye huo usahihi. Dayodi ya silikoni ni kivuko chenye nauli. Mkondo ukitaka kupita huacha mlangoni volti 0.6 hivi. Kwenye chaja ya volti 12 hasara hiyo haiumizi. Kwenye ishara ndogo inamaliza kila kitu.

Chukua mota ya pampu inayovuta mkondo wenye kilele cha ampea 2. Waya wake mmoja umepitishwa ndani ya transfoma ya mkondo yenye mizunguko 1000, kwa hiyo upande wa pili unatoka kilele cha miliampea 2. Mkondo huo ukipita kwenye rezista ya omu 100 unakupa volti 0.2. Peleka volti hizo kwenye dayodi ya 1N4148 yenye mzigo wa kiloomu 10, kisha pima: mita inasoma karibu sifuri. Mota inanguruma, lakini kipimo kinakuambia imezimwa.

Hapo ndipo inapoingia amplifaya ya operesheni, yaani opampu. Ishara inaingia kwenye mguu wa chanya, na tokeo la opampu linaingia kwenye dayodi. Siri iko kwenye waya wa mrejesho: hauanzii kwenye tokeo la opampu, unaanzia ng'ambo ya dayodi, pale ulipo mzigo, na kurudi kwenye mguu wa hasi. Kwa hiyo opampu haitulii mpaka volti za ng'ambo zilingane na zilizoingia. Ishara ikiwa volti 0.2, opampu inapandisha tokeo lake hadi volti 0.65 hivi, na dayodi inachukua nauli yake ya 0.45, maana mkondo ni mdogo. Mzigo unapata 0.2 kamili. Nauli imelipwa na opampu kutoka kwenye usambazaji wake yenyewe. Kwa opampu yenye ukuzaji wa mara 100,000, tofauti inayohitajika kati ya miguu yake miwili ni mikrovolti 6.5 tu. Kinachobaki ni kasoro ya opampu yenyewe: 741 ya kawaida inaweza kukosea milivolti moja au mbili, ambazo ni kama asilimia 1 ya kilele chetu.

Lakini usahihi huu una mpaka. Ishara ikiwa hasi, dayodi inafunga na mrejesho unakatika. Opampu, ikihangaika kutafuta mlingano, inadidimia mpaka karibu na mwisho wa umeme wake: kwa usambazaji wa volti 12 chanya na hasi, ni kama volti 10 chini ya sifuri. Nusu chanya ikirudi, lazima ipande kwanza kutoka huko. 741 hupanda volti 0.5 kwa mikrosekunde, kwa hiyo safari hiyo inakula mikrosekunde 21 hivi. Kwa umeme wa hezi 50, ambao nusu yake ni mikrosekunde 10,000, hutaona kitu. Kwa hezi 10,000 nusu ya wimbi ni mikrosekunde 50, na zaidi ya theluthi yake inapotea. Kwenye osiloskopu dalili ni hii: kila kilima kinaanza kwa kuchelewa, kana kwamba kimekatwa bega la kushoto.

Dawa yake ni kuipanga opampu kwa njia ya kugeuza ishara na kuongeza dayodi ya pili, inayoipa mrejesho hata katika nusu isiyotakiwa. Tokeo sasa linaruka kati ya 0.6 chini na 0.6 juu tu, na kuchelewa kunashuka hadi mikrosekunde 2.4 hivi.

Basi fasili ya istilahi hii iwe hivi: rektifaya ya usahihi ni rektifaya ambayo opampu, kwa mrejesho uliochukuliwa baada ya dayodi, huilipia dayodi nauli yake, ili hata ishara ndogo kuliko nauli hiyo ivuke bila kupungua, mradi isizidi mwendo wa opampu.