Wimbo wa madongo (rap)

Wimbo wa madongo, au wimbo wa kudisi, ni wimbo wa rap unaotungwa kumshambulia rapa mwingine, kundi lake au mtaa wake, kwa kumtaja jina au kwa kumfumba. Nyimbo za namna hii zikijibizana huitwa bifu. Pambano la jukwaani, ambalo marapa huchanana ana kwa ana mbele ya watu, lilitangulia kabla ya bifu kuhamia studio.

Chanzo

Pambano linalotajwa zaidi lilifanyika Desemba 1981 katika ukumbi wa Harlem World, New York. Busy Bee alikuwa hodari wa kuchangamsha ukumbi kwa vibwagizo vya kuitikiana. Kool Moe Dee wa kundi la Treacherous Three alipanda baada yake na, badala ya kuchangamsha watu, akamchambua mwenzake mstari kwa mstari: jina lake, mtindo wake na wepesi wa tungo zake. Kanda za pambano hilo zilienea mitaani, na tangu hapo rapa alianza kupimwa kwa uzito wa mistari yake, si kwa kelele za ukumbi pekee.

Silaha

Silaha ya kwanza ni kina. Msikilizaji akishazoea mwishilio wa mstari wa kwanza, huanza kuusubiri wa pili, na hapo ndipo dongo hufichwa: neno linalokamilisha kina ndilo hilo hilo linalochoma. Mstari huo wa kuchoma huitwa panchi. Mfano uliotungwa kwa ajili ya makala hii:

*Kila jukwaa unatamba, eti wewe bingwa wa vina;*
*nimezama kwenye ngoma yako, nimegonga chini, haina kina.*

Mstari wa pili una maana mbili. Ngoma hiyo haina urari wa sauti, na pia ni kama maji mafupi ambayo mzamiaji huyagonga chini mara moja. Kitenzi «nimezama» ndicho kinachoiandaa maana ya pili; kikiondolewa, hubaki tusi la kawaida. Panchi nyingi hufeli hivyo: rapa huleta neno la mwisho bila kulitengenezea njia, au hulitengenezea njia ndefu hadi msikilizaji akalibahatisha kabla halijafika.

Vita vya Daraja

Bifu linalofundisha zaidi ni lile la Queensbridge na South Bronx, mitaa miwili ya New York. MC Shan, akiwa na mtayarishaji Marley Marl, alitoa «The Bridge», wimbo wa kuusifu mtaa wake wa Queensbridge na wasanii wake wa mwanzo. KRS-One wa kundi la Boogie Down Productions aliuchukulia kama madai kwamba hiphop ilizaliwa huko. Shan alikanusha kusema hivyo, na maneno ya wimbo yanamuunga mkono. Lakini katika bifu tafsiri ya kwanza kuwafikia watu mara nyingi ndiyo inayobaki.

KRS-One alijibu mwaka 1986 kwa «South Bronx», wimbo unaosimulia historia: madisko ya mitaani, majina ya waasisi na maeneo waliyopiga muziki. Nguvu yake iko katika ushahidi huo zaidi kuliko katika matusi. Shan akarudi na «Kill That Noise» mwaka 1987, akijitetea kwamba hakudai alichosingiziwa. Utetezi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulimweka upande wa mtu anayejieleza.

Pigo la mwisho lilikuwa «The Bridge Is Over», mwaka huo huo wa 1987. KRS-One alichana kwa lafudhi ya Kijamaika juu ya piano nzito na ngoma chache, na kibwagizo chake kifupi kiliweza kuimbwa na mtu yeyote aliyekisikia mara moja. Jina ambalo Shan alijivunia likageuzwa kuwa tangazo la kushindwa kwake. Shan hakupata jibu lenye uzito sawa.

Mipaka

Kwa kawaida bifu huishia kwenye maneno. Uhasama wa 2Pac na The Notorious B.I.G. hukumbukwa kwa sababu wote wawili waliuawa kwa risasi, mmoja Septemba 1996 na mwingine Machi 1997.

Afrika Mashariki

Malumbano ya kishairi yalikuwapo pwani kabla ya rap: Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Mipasho ya taarabu nayo hutumia mafumbo kumsema mpinzani bila kumtaja. Marapa wa Tanzania na Kenya hudisiana pia.

Siku hizi

Mwaka 2024 Kendrick Lamar na Drake walijibizana kwa nyimbo zilizotoka ndani ya siku chache, nyingine ndani ya saa chache. «Not Like Us» ya Lamar, iliyotoka Mei 2024, ilishinda tuzo 5 za Grammy Februari 2025.