Kumfuata Mwenzi Ng'ambo: Likizo Bila Malipo na Kuacha Kazi katika Utumishi wa Umma wa Tanzania, kwa Kuangalia Dodoma

Utangulizi

Mtumishi wa umma anapopata habari kwamba mumewe au mkewe amepangiwa kazi katika ubalozi wa Tanzania nje ya nchi, hujikuta mbele ya njia mbili. Anaweza kuomba likizo bila malipo, au anaweza kuandika barua ya kuacha kazi. Kwa mtazamo wa haraka njia hizi zinafanana, kwa kuwa zote mbili humwondolea mshahara. Insha hii inadai kuwa kufanana huko ni kwa juu juu tu. Kinachotofautisha njia hizo si fedha ya mwezi, bali ni nafasi ya mtumishi katika utumishi: namba yake ya hundi, cheo chake, na hesabu ya miezi yake ya kuchangia hifadhi ya jamii. Ili kulieleza jambo hili, insha inaanza na historia ya uhusiano kati ya ndoa na ajira ya serikali, kisha inachambua taratibu za sasa, na mwisho inapima mfano mmoja kutoka mkoa wa Dodoma.

Ndoa na Ajira Chini ya Utawala wa Kiingereza

Utumishi wa serikali uliorithiwa na Tanganyika mwaka 1961 ulijengwa juu ya mila za utumishi wa Uingereza. Katika nchi hiyo, mwanamke aliyeajiriwa na serikali alitakiwa kuacha kazi mara alipoolewa. Sharti hilo liliondolewa katika utumishi wa ndani mwaka 1946, lakini kwa wanawake waliokuwa maofisa wa mambo ya nje liliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanamke aliyeondoka kwa sababu ya ndoa, akiwa ametumikia muda uliotakiwa, alipewa kiinua mgongo cha ndoa. Malipo hayo yalikuwa kama kufunga hesabu, na baada yake serikali haikumdai wala yeye hakuidai.

Mantiki ya mpango ule ilikuwa wazi. Ofisa aliyetumwa makoloni alikuwa mwanamume, na mkewe alihesabiwa kuwa sehemu ya mizigo ya safari yake: alipewa nauli na nyumba, wala hakutazamiwa kuwa na ajira yake mwenyewe ya kuombea ruhusa. Kwa hiyo swali linalojadiliwa katika insha hii halikuweza hata kuulizwa. Lilizaliwa pale ambapo mume na mke wote wawili walikuwa waajiriwa wenye haki ya kubaki kazini baada ya kuoana.

Baada ya Uhuru

Kuanzia 1961 Tanganyika ilifungua balozi zake na kuwatuma raia wake kuiwakilisha. Shule na vyuo vilipopanuka, walimu wa kike, wauguzi na makarani waliongezeka, na nyumba zenye waajiriwa wawili wa serikali zikawa jambo la kawaida. Ndani ya nchi, dawa ya tatizo ilikuwa uhamisho. Mwalimu aliyeolewa na mtumishi wa wilaya nyingine aliomba ahamishiwe huko, na sababu ya "kumfuata mwenzi" ikawa miongoni mwa sababu zinazotajwa sana katika barua za uhamisho hadi leo.

Uhamisho, hata hivyo, una mpaka. Mwalimu wa Kondoa anaweza kuhamishiwa Mpwapwa au Singida kwa sababu mwajiri mkuu ni mmoja. Hawezi kuhamishiwa Maskati au Nairobi, maana huko hakuna shule ya serikali ya Tanzania ya kumpokea. Hapo ndipo likizo bila malipo inapochukua nafasi ya uhamisho. Humwondoa mtumishi katika kituo chake bila kumwondoa katika utumishi.

Taratibu za Sasa

Utumishi wa umma huongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, kanuni zilizotungwa chini yake, na Kanuni za Kudumu za mwaka 2009, ambazo sehemu yake ya H inahusu likizo. Ni vema kutofautisha mapema kati ya likizo iliyo haki na likizo iliyo ruhusa. Likizo ya mwaka na likizo ya uzazi ni haki, na mwajiri hupanga wakati tu. Likizo bila malipo ni ruhusa. Mtumishi huiomba, mwajiri hutoa maoni yake, na mamlaka ya utumishi huamua kwa kutazama mahitaji ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo kinga kuu ya mwajiriwa wa sekta binafsi, inaorodhesha siku 28 za likizo ya mwaka, siku 84 za uzazi na likizo nyingine, lakini katika orodha hiyo ya 2004 hamna likizo ya kumfuata mwenzi. Kwa hiyo muuguzi wa hospitali ya shirika la dini anategemea makubaliano na mwajiri wake peke yake.

Kwa mwalimu wa halmashauri, ombi hupitia kwa mkuu wa shule na mkurugenzi wa halmashauri kabla ya kufika kwa Katibu Mkuu anayeshughulikia Utumishi. Barua yenye nguvu huambatanishwa na cheti cha ndoa na barua ya uteuzi wa mwenzi, tena hutaja tarehe ya kuondoka na ya kurejea. Kutotaja tarehe ya kurejea ni kosa linalodhoofisha ombi, kwa maana huonekana kama kuacha kazi kwa njia ya mzunguko.

Hatari kubwa zaidi imo katika muda wa kusubiri. Tarehe ya safari ya mwenzi hupangwa na ofisi nyingine, na mara nyingi hufika kabla ya kibali. Mtumishi akipanda ndege kwa kutegemea nakala ya ombi lake, hana likizo bali ana utoro. Kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 ni kosa linaloweza kumfukuzisha kazi. Upande wa pili, kibali kikishatoka, mshahara unapaswa kusimamishwa mara moja. Tangu uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016, mshahara unaoendelea kuingia kwa mtu asiyekuwepo kituoni huleta deni na mashaka, hata kama kosa ni la mhasibu. Mtumishi mwangalifu huhakikisha mwenyewe kwamba umesimama.

Mizani ya Miezi

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu wa sekondari katika wilaya ya Bahi. Aliajiriwa Januari 2014, na hadi mwisho wa Desemba 2024 alikuwa amechangia miezi 132. Ana umri wa miaka 42. Mumewe anatumwa ubalozini kwa miaka 4, kuanzia Januari 2025.

Akiacha kazi, utaratibu ni mwepesi: notisi ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Wepesi huo ndio unaovutia. Lakini mfuko wa PSSSF, ulioundwa na sheria ya 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, hudai michango ya miezi isiyopungua 180 ili mwanachama apate pensheni ya kila mwezi. Mwalimu wetu amepungukiwa na miezi 48. Fao la kukosa ajira halimsaidii, kwa sababu limewekwa kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyeiacha kwa hiari. Kisha atarejea mwaka 2029 akiwa na miaka 46, wakati matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi za kudumu huweka ukomo wa miaka 45. Mlango aliotokea utakuwa umefungwa, si kwa adhabu bali kwa kalenda.

Akipewa likizo bila malipo, miezi 48 ya ughaibuni haina mshahara, hivyo kwa kawaida haina michango ya asilimia 5 yake na 15 ya mwajiri. Hata hivyo, akirejea akiwa na miaka 46 bado ana miaka 14 kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Hiyo ni miezi 168. Akiijumlisha na 132 ya mwanzo, atastaafu na miezi 300. Tofauti ya barua mbili zilizoandikwa juma moja ni miezi 132 dhidi ya 300.

Likizo nayo ina gharama zake. Mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara hauendi likizo, na riba huendelea. Kwa hiyo wanandoa hawana budi kupatana kabla ya safari ni nani atakayelipa. Michango ya bima ya afya husimama pamoja na mshahara. Wenzake watapanda madaraja naye akibaki alipokuwa. Tena, Mkataba wa Viena wa 1961 humlinda mwanafamilia wa mwanadiplomasia, lakini kibali cha kufanya kazi ya ujira hutegemea nchi mwenyeji, kwa hiyo kipato cha pili si cha kuhesabiwa mapema.

Uko pia upande ambao kuacha kazi kuna busara. Mtumishi mwenye umri wa miaka 30 na michango ya miaka mitatu, ambaye taaluma yake inaajirika kwingine na ambaye hana nia ya kurejea kituoni, hafaidiki sana kwa kushikilia nafasi ambayo mwingine angeijaza. Na aliyekwisha timiza miezi 180 hujadili kiasi cha pensheni, si kuwapo kwake.

Dodoma na Umbali wa Ofisi

Historia ya Dodoma imeligeuza jambo hili kwa namna ya pekee. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, lakini kwa miongo minne barua nyingi za watumishi wa nyanda za kati ziliendelea kusafiri hadi Dar es Salaam ili zitolewe uamuzi. Baada ya tangazo la Rais Magufuli la Julai 2016, wizara zilihamia, nyingine zikijihifadhi kwanza katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa mwaka 2019. Wakati huo maelfu ya nyumba zilikabiliwa na swali lile lile kwa kiwango cha ndani: mmoja amehamishiwa Dodoma, mwingine abaki Dar es Salaam au amfuate? Wengi waliweza kuhamishwa. Leo wizara inayomtuma mume ng'ambo na ofisi inayoamua likizo ya mke zote zimo Dodoma. Ukaribu huo unarahisisha kufuatilia, lakini haujafuta ngazi za kupitishia ombi, kwa maana barua ya mwalimu wa Bahi bado huanzia kwa mkuu wake wa shule.

Hitimisho

Utumishi wa kikoloni ulilitatua suala la ndoa kwa kumwondoa mwanamke na kumlipa kiinua mgongo. Utumishi wa sasa unampa mwenzi, awe mke au mume, njia ya kuondoka na kurudi, ila njia hiyo ni ruhusa na si haki. Anayepima uamuzi wake kwa mshahara wa mwezi ataona njia mbili zilizo sawa. Anayepima kwa umri wa miaka 45, miezi 180 na tarehe iliyoandikwa kwenye kibali ataona kuwa mojawapo ni kusimama njiani, na nyingine ni kufika mwisho wa safari.