Ukiuza lori la biashara: kwa nini sehemu ya bei hugeuka mapato ya kodi

Msimu wa korosho ukikaribia, magari ya mizigo hubadilisha wenyewe mara nyingi Lisekese na Masasi mjini. Mwenye lori lililochoka huliuza, na anayetaka kubeba magunia ya vyama vya msingi kwenda maghalani hulinunua. Wauzaji wengi huamini kwamba kama lori limeuzwa kwa bei ndogo kuliko ile ya kununulia, hakuna faida, na kwa hiyo hakuna kodi. Kwa biashara inayoandaa hesabu za kodi, mara nyingi sivyo.

Sababu iko katika punguzo la uchakavu. Biashara ikinunua lori, hairuhusiwi kuondoa bei yote kwenye mapato ya mwaka huo kama inavyoondoa mafuta au mshahara wa dereva. Huondoa sehemu kila mwaka, kwa viwango vilivyowekwa na Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Kiasi kinachobaki baada ya kuondoa ndiyo thamani ya lori kwa macho ya kodi. Lori likiuzwa kwa bei inayozidi thamani hiyo, maana yake ni kwamba uchakavu uliokwisha kuondolewa ulikuwa mkubwa kuliko uchakavu uliotokea kweli. Sheria huirudisha tofauti hiyo kwenye mapato ya biashara.

Mfano wa lori moja

Tuchukue kampuni ya usafirishaji ya kufikirika iliyoko Lisekese, ambayo mwaka wake wa hesabu huisha Desemba 31. Ina lori moja la tani 5, lililonunuliwa kwa shilingi 64,000,000. Magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7 yako daraja la kwanza, pamoja na magari madogo, mabasi yenye viti chini ya 30 na kompyuta. Kiwango chake ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki.

Mwaka wa kwanza kampuni inaondoa shilingi 24,000,000, inabaki 40,000,000. Mwaka wa pili inaondoa 15,000,000, inabaki 25,000,000. Mwaka wa tatu inaondoa 9,375,000, inabaki 15,625,000. Kwa miaka mitatu mapato yanayotozwa kodi yamepunguzwa kwa jumla ya shilingi 48,375,000.

Mwaka wa nne, mwezi wa Oktoba, lori linauzwa kwa shilingi 35,000,000. Ukitoa 15,625,000 inabaki ziada ya 19,375,000. Hiyo huongezwa kwenye mapato ya biashara ya mwaka huo. Kwa kiwango cha kawaida cha kampuni, asilimia 30, kodi yake ni shilingi 5,812,500.

Ukiitazama kwa upande mwingine, hesabu inafika palepale. Lori lilipoteza thamani ya shilingi 29,000,000 tu, yaani 64,000,000 kutoa 35,000,000. Kampuni ilikuwa imeondoa 48,375,000. Iliyozidi ni 19,375,000. Kodi hii basi si adhabu ya kuuza. Ni marejesho ya nafuu iliyopatikana mapema mno.

Vitabu viwili, majibu mawili

Kosa kubwa hutokea pale mhasibu anapotumia thamani ya vitabu vya kampuni badala ya thamani ya kodi. Tuseme kampuni yetu, kwa matumizi yake yenyewe, iliamua kwamba lori litadumu miaka minane, ikawa inapunguza shilingi 8,000,000 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu vitabu vyake vinaonyesha lori lina thamani ya 40,000,000. Likiuzwa kwa 35,000,000, vitabu vinaandika hasara ya milioni 5. Mwenye kampuni akiona neno hasara anatulia, na fedha yote inaingia kwenye ununuzi wa mzigo. Wakati huohuo hesabu ya kodi inaonyesha mapato ya zaidi ya milioni 19.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona. Katika hesabu ya kodi, hasara ya vitabuni inatakiwa irudishwe, kisha nafasi yake ichukuliwe na hesabu ya Jedwali la Tatu. Kama karatasi ya hesabu ya kodi haina mahali palipoandikwa thamani ya kodi iliyobaki, muulize mhasibu wako kabla ritani haijawasilishwa. Mauzo yenyewe hayafichiki, kwa kuwa uhamisho wa umiliki wa gari hupita TRA.

Kundi, si lori mojamoja

Katika madaraja matatu ya kwanza, sheria ya Tanzania haihesabu kila chombo peke yake. Mali zote za daraja moja huwekwa kwenye kundi moja lenye thamani moja. Unachonunua huongezwa kwenye kundi, na fedha unayopata kwa kuuza hutolewa humo. Mapato ya kutozwa kodi hutokea tu pale fedha ya mauzo inapozidi thamani yote ya kundi, ikiwa ni pamoja na ulivyonunua mwaka huohuo.

Turudi kwenye kampuni yetu. Kama kabla ya Desemba 31 ingenunua lori jingine la tani 5 kwa shilingi 50,000,000, kundi lingekuwa 15,625,000 kujumlisha 50,000,000 kutoa 35,000,000, yaani 30,625,000. Hakuna ziada, hakuna mapato ya ghafla. Lakini nafuu haijatoka bure. Uchakavu wa mwaka huo utahesabiwa juu ya 30,625,000 badala ya 65,625,000, hivyo punguzo la mwaka huo na ya miaka inayofuata litakuwa dogo. Kodi imesogezwa mbele, haijafutwa.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni tarehe: lori lililouzwa Oktoba na jingine kununuliwa Januari huangukia miaka miwili tofauti, na ziada hutozwa kodi yote. Wa pili ni daraja: ukiuza lori la tani 5 na kununua la tani 10, jipya linaingia daraja la pili lenye kiwango cha asilimia 25, kwa hiyo halisaidii kundi la kwanza.

Upande wa hasara nao upo. Kama kampuni ingeuza lori lake hilo la pekee kwa shilingi 10,000,000, kundi lingebaki tupu likiwa na 5,625,000 ambazo hazijaondolewa. Kiasi hicho kinaruhusiwa kama punguzo. Lakini kama kundi bado lina mali nyingine, salio huendelea kupunguzwa mwaka hadi mwaka.

Kabla ya kupokea fedha

Kumuuzia ndugu au kampuni ya mwenza kwa bei ya kutupa hakusaidii, maana kwa watu wenye uhusiano sheria kwa kawaida huhesabu bei ya soko. Mtu binafsi anayelipa kodi ya makadirio kwa mauzo, bila kuandaa hesabu, haondoi uchakavu, kwa hiyo hesabu hizi hazimhusu kwa namna hii.

Kwa mwenye hesabu, jambo la kufanya ni kuangalia thamani ya kundi iliyobaki mwishoni mwa mwaka uliopita, kuongeza alichonunua mwaka huu, na kulinganisha na bei aliyoahidiwa. Ziada ikionekana, arekebishe makadirio ya kodi kabla ya awamu ya mwisho. Kwa mwaka unaoisha Desemba awamu hiyo hulipwa mwisho wa Desemba, na ritani huwasilishwa kufikia Juni 30. Makadirio yakiachwa chini mno huzaa riba juu ya kodi yenyewe.