Nani Apewe Maneno Mengi? Matoleo Matatu ya Kikao Kimoja cha Lubaga

Katika semina moja ya watunza kumbukumbu, mkufunzi wetu alichora piramidi ubaoni. Chini, penye upana, aliandika “timu”. Katikati akaandika “mkurugenzi”. Na kwenye ncha akaandika “umma”. Maelezo yake yalikuwa mepesi. Waliofanya kazi wapewe muhtasari wa kina, mkurugenzi apewe wa wastani, na mwananchi aya moja inamtosha. Tena aya hiyo ipatikane kwa kupunguza ule wa wastani, ambao nao umepatikana kwa kupunguza ule mrefu. Wenzangu waliichora piramidi hiyo madaftarini. Nami niliichora, na nikaitumia kwa miaka kadhaa.

Makala hii inadai kwamba piramidi ile imesimama kichwa chini. Urefu wa toleo haupaswi kufuata cheo cha msomaji wala kiwango cha elimu anachodhaniwa kuwa nacho. Unapaswa kufuata umbali wake na chumba cha kikao. Aliyekuwa chumbani anahitaji maneno machache kuliko wote. Ambaye hakuwamo, na hana wa kumpigia simu kumuuliza, ndiye anayehitaji mengi.

Sehemu ya mkanganyiko imo ndani ya lugha yetu. Neno “muhtasari” tunalitwika mizigo miwili: ni ufupisho wa jambo lolote, na katika ofisi nyingi za Tanzania ndilo jina la kumbukumbu rasmi zinazosainiwa na mwenyekiti na katibu. Kwa hiyo katibu akiambiwa aandike muhtasari wa muhtasari, haoni ajabu yoyote. Katika makala hii nitaita “unukuzi” maandishi yanayofuata kinasa sauti neno kwa neno, na “toleo” chochote kinachotokana nayo. Kwamba unukuzi wenyewe si kikao, kwa kuwa hauonyeshi aliyetikisa kichwa wala aliyeguna, ni jambo linalokubalika na sina haja ya kulirefusha.

Mfano ufuatao nimeutunga kwa ajili ya kufundishia, ila nimeufuatisha na vikao nilivyovihudhuria katika zoni zilizo kando ya mfereji wa Nalukolongo, ndani ya Divisheni ya Lubaga. Vikao hivyo huendeshwa kwa Kiluganda kilichochanganywa na Kiingereza, na Kiswahili hujitokeza pale anaposimama askari au mfanyabiashara kutoka nje. Kwenye unukuzi kila kauli imepewa namba, na hizi ni tano kati yake:

41. Mhandisi: Mashine ya kuchimbua tope inaweza kufika wiki ya pili ya mwezi ujao, ikiwa ile kazi ya Nateete itakuwa imekwisha.
42. Mwenyekiti wa zoni: Na nyumba za ukingoni je, ssebo?
43. Mhandisi: Hizo tujja kulaba.
44. Mkazi: Mwaka jana mlisema hivyo hivyo, kisha tukaamka tukakuta alama za rangi nyekundu ukutani. Zile alama maana yake nini?
45. Mwenyekiti wa kikao: Basi tumekubaliana, mashine ije. Habari ya nyumba tuiache kwa leo.

Nikifuata piramidi, toleo la kina linasema mashine “italetwa wiki ya pili ya mwezi ujao baada ya kazi ya Nateete, na suala la nyumba litaangaliwa”. Hapo tayari neno “ikiwa” limegeuka “baada ya”: sharti limekuwa ratiba. Toleo la wastani linatolewa kwenye hilo: “Mashine italetwa mwezi ujao. Suala la nyumba linashughulikiwa.” Kisha aya ya mwananchi inatoka kwenye la wastani: “Mfereji utazibuliwa mwezi ujao, na wakazi wa ukingoni wanashughulikiwa.”

Hakuna aliyedanganya. Kila hatua, ukiilinganisha na ile iliyoitangulia tu, inaonekana kuwa ufupisho halali. Lakini soma aya ya mwisho ukiwa mtu mwenye alama nyekundu kwenye ukuta wako. “Wanashughulikiwa” ni neno la kutisha, na kikaoni halikutamkwa na yeyote. Kilichotamkwa ni kwamba jambo limeachwa kwa leo. Swali la kauli ya 44 halikujibiwa, na kwa kuwa halikujibiwa, halikupata mahali katika toleo lolote. Maswali yasiyojibiwa ndiyo ya kwanza kuanguka, maana mfupishaji hutafuta maazimio, na swali si azimio.

Kosa hilo halitokani na uvivu wa katibu. Linatokana na mnyororo. Anayefupisha ufupisho hana tena sauti ya msemaji. Ana sentensi tu, na sentensi hazisemi zilikuwa pendekezo, ahadi, swali au uamuzi. Hadhi hiyo ya kauli ndiyo hupotea kwanza, kabla ya tarehe na kabla ya hesabu. Dalili yake hujitokeza kwenye vitenzi: angalia “-takuwa ime-” inapogeuka “-ta-”, angalia kauli ya kutendwa inapommeza mtenda. Ukikuta “litaangaliwa”, rudi kwenye unukuzi uulize: na nani?

Sasa niyatengeneze matatu upya, kila moja moja kwa moja kutoka kwenye kauli zenye namba.

La timu ndilo fupi. Mhandisi na wenzake walikuwamo, kwa hiyo hawahitaji kusimuliwa. Wanahitaji kujua wamebeba nini mlangoni: “Mashine: wiki ya pili, kwa sharti la Nateete (41, 45). Wa kuthibitisha na wa kuwaarifu wakazi: hakutajwa. Alama nyekundu: swali halijajibiwa (44).” Ufupi huu una makali yake. Unafichua kwamba kikao kilikubaliana bila kumpa mtu kazi. Katibu asijaze pengo hilo kwa jina analodhani linafaa. Aliandike kama pengo.

La mkurugenzi ni la wastani, kwa sababu yeye hakuwamo ila ana namba ya simu ya mhandisi. Hahitaji mpangilio wa mazungumzo. Anahitaji yale ambayo yeye pekee anaweza kuyafungua. Katika mfano huu ni mawili. Kwanza, tarehe ya mashine inategemea kazi ya mahali pengine, hivyo Nateete ikichelewa ahadi hii nayo imekufa. Pili, zoni inaamini kuna uamuzi kuhusu nyumba, na kikao hakikuutoa wala kuukana. Aya mbili zinatosha, pamoja na kauli ya 43 kama ilivyotamkwa, ili asikie mwenyewe uzito wake.

La umma ndilo refu, na hapa ndipo ninapotengana kabisa na mkufunzi wangu. Msomaji huyu hakuwamo, hamjui mhandisi, na huenda ataisoma karatasi ikiwa imebandikwa kwenye ubao wa zoni au akasomewa na mwanawe. Lazima aambiwe mfereji upi na sehemu ipi. Aambiwe kwamba mashine haina tarehe ya uhakika, na kwa nini. Aambiwe wazi kwamba swali la nyumba liliulizwa, kwamba maana ya alama iliulizwa, kwamba hakuna jibu lililotolewa siku hiyo, na kwamba mwenyekiti aliliahirisha bila kutaja siku. Sentensi ya mwisho ni chungu kuandika. Bila hiyo, lakini, uvumi ndio utakaoiandika.

Kimoja tu kinapungua katika toleo hili: utambulisho wa wakazi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatosha kumkumbusha katibu, ila kufuta jina hakutoshi. Zoni ni ndogo. Ukiandika “mkazi mwenye duka karibu na kalavati”, umemtaja. Andika “mkazi mmoja”, basi. Mhandisi na mwenyekiti wabaki na vyeo vyao, kwa sababu walizungumza kama wenye vyeo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wananchi hawasomi maandishi marefu. Nalikubali nusu. Hakuna anayesoma kurasa nne kuhusu zoni ya jirani, lakini mtu husoma kurasa nne akitafuta ukuta wake. Toleo refu lipangwe kwa mahali, si kwa ajenda: “yatokanayo” na “mengineyo” ni vichwa vya katibu, havimwambii mkazi wa Ndeeba wala wa Kabowa aanzie wapi. Tena mabunge yetu yalishaamua jambo hili bila kulitangaza kama nadharia. Hansadi, ambayo Tanzania huitoa kwa jina la Majadiliano ya Bunge, ndilo toleo refu kuliko yote ya kikao, na ndilo la umma. Hata Hansadi si unukuzi mtupu. Kwa kanuni iliyorithiwa Uingereza, marudio huondolewa na kuteleza kwa ulimi husahihishwa, mradi hoja isipungue.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: matoleo matatu ni ndimi tatu, na serikali yenye ndimi tatu haiaminiki. Kuna historia ya kulitia nguvu, na imetokea Lubaga hapa hapa. Mwezi wa Aprili 1875 Henry Stanley alizungumza na Kabaka Mutesa katika makao yake makuu. Mazungumzo hayo yana shajara ya Stanley, yana barua aliyoitia tarehe 14 Aprili, iliyochapishwa katika Daily Telegraph ya London tarehe 15 Novemba mwaka huo, na yana kitabu alichokitoa mwaka 1878. Wasomaji wa gazeti walipata Kabaka anayengoja walimu wa dini, na wamishonari wa kwanza wa Kianglikana wakawasili mwaka 1877. Wanahistoria wamesisitiza kile ambacho toleo la umma halikukipa nafasi yake: Mutesa alikuwa akiitazama Misri ikishuka kutoka kaskazini, na alihitaji washirika na silaha. Ombi lilisafiri, mazingira ya ombi yakabaki Lubaga.

Mfano huo, hata hivyo, hauyashtaki matoleo matatu. Unashtaki matoleo yasiyoweza kulinganishwa. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mtu ambaye hakuwa kikaoni hupewa matoleo yote na kuulizwa kuhusu kila jambo, je, limeamuliwa, limependekezwa, limeulizwa au limeahirishwa? Toleo refu linaruhusiwa kujibu mahali ambapo fupi limenyamaza. Haliruhusiwi kujibu tofauti. Namba za kauli hubaki katika yote matatu, ili anayeshuku aweze kuomba unukuzi. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya mwaka 2005 imeweka siku 21 za kumjibu. Haki hiyo ina mipaka yake, na kumbukumbu za Baraza la Mawaziri ziko nje yake kabisa. Kikao cha mfereji si Baraza la Mawaziri.

Kuhusu muda, wakosoaji wana haki. Kutengeneza matatu kutoka kwenye chanzo huchukua muda mrefu kuliko kukata moja mara mbili. Nimeupunguza kwa kuanza na jedwali lenye safu nne: namba ya kauli, jambo, hadhi yake, na sharti kama lipo. Jedwali hilo halimfikii msomaji yeyote, lakini matoleo yote huandikwa huku liko mezani pamoja na unukuzi. Kwa kikao cha wizara nzima sijalijaribu, na huenda likashindwa.

Limebaki tatizo moja ambalo jedwali halikulitatua. Kauli ya 43 niiandike katika safu ipi? “Tujja kulaba” ni “tutaona”, na kwa Kiswahili cha ofisini ni “tutaliangalia”. Inaweza kuwa ahadi, inaweza kuwa kukataa kwa adabu, na aliyekuwa chumbani aliijua kwa sauti. Kwa sasa ninaiacha kwa Kiluganda katika matoleo yote matatu, na kwenye safu ya hadhi naweka alama ya kuuliza.